Gauni limepimwa kwa kisigino cha sentimita 9 na nitasimama masaa kumi, nivae kiatu gani?

Binti_Pindo
Wadau, habari za jioni. Harusi ni Jumamosi ya wiki tatu zijazo, hapa Dar. Nimo kwenye kamati, kitengo cha mapokezi. Kanisani saa 8 mchana, kisha picha kwenye bustani ya nyasi, saa 12 jioni nasimama mlango wa ukumbi kupokea wageni, halafu kamati inaingia kwa kucheza, kuna foleni ya zawadi, na mziki ukifunguliwa ni mpaka saa 6 usiku. Ukumbi una vigae.

Tatizo ni kwamba fundi amepima gauni la sare nikiwa nimevaa mchuchumio wa sentimita 9, wa kuazima. Pindo limeshakatwa na linaishia sentimita 2 juu ya sakafu. Kile kiatu nilikivaa nusu saa tu, nyama ya mbele ya wayo ikawa inawaka moto. Mguu wangu una urefu wa sentimita 24 na nusu, mbele ni mpana kidogo. Tafadhali msiniambie raba.

Mzee_Namba44
Bibi harusi vaa raba nyeupe bwana, ndiyo mtindo siku hizi. Gauni litafunika, nani ataona?

Shangazi_Tabata
Mzee, soma vizuri. Huyu si bibi harusi, ni mwanakamati. Halafu raba ina soli ya sentimita 3 hivi. Ukitoa kwenye 9, gauni linashuka sentimita 6 na pindo liko 2 tu juu ya sakafu. Atafagia ukumbi mzima.

Binti, pole. Mimi ningekwambia nunua namba moja zaidi ya yako, maana mguu huvimba ukisimama. Na kabla ya kuvaa jipake vaselini kila panapogusa.

FundiKalibu
Shangazi una nusu ya ukweli, nitarudi hapo. Kwanza tuweke sawa kinachomuunguza.

Watu wengi wakipima kiatu wanapima kisigino na kusahau mbele. Miguu inahisi tofauti kati ya hizo mbili, yaani mteremko. Kile alichoazima kina kisigino cha 9 na soli ya mbele nyembamba, tuseme nusu sentimita. Mteremko ni 8.5. Mguu ukiinama hivyo, uzito unaotakiwa kukaa kisiginoni unahamia chini ya vidole, na kila dakika mwili unateleza kwenda mbele. Ndiyo maana nusu saa ilitosha.

Sasa chukua kiatu chenye kisigino kilekile cha 9 lakini mbele pana unene wa sentimita 3.5, vile wazee wa miaka ya sabini walivyoviita raizoni. Gauni halijui tofauti, pindo linabaki pale pale. Mguu wako lakini umeinama 5.5 tu. Kwa mtu wa kusimama masaa kumi mimi nisingependa ivuke 5.5, na ikifika 4 ni afadhali zaidi.

Namna ya kupima: simamisha kiatu mezani, weka rula wima kwa nyuma, soma hadi pale kisigino cha mguu kinapokaa ndani, si hadi ukingo wa juu. Halafu pima unene wa soli usawa wa fundo la kidole gumba. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Muuzaji akikwambia "hiki ni sentimita 9" bila namba ya mbele hajakwambia kitu.

Binti_Pindo
Hii sijawahi kuisikia. Nimekwenda kupima vyote vilivyomo ndani. Ninavyo raizoni nilivyovaa send-off ya 2018, viko kwenye boksi chini ya kitanda. Nyuma 9, mbele 3.5, kama ulivyosema! Nimevivaa mara moja tu. Basi tatizo limekwisha?

FundiKalibu
Bado. Geuza soli uangalie kama kuna herufi PU, au kama ni soli nyepesi iliyomwagwa kipande kimoja, si mbao wala koki wala raba nzito. Bonyeza kwa ukucha pembeni ya soli, karibu na kisigino. Kisha kunja kidogo mbele usikilize.

Binti_Pindo
Fundi, ukucha umeingia kama kwenye andazi la jana. Pembeni panabanduka unga wa rangi ya maziwa na vidole vinanata. Mbona hata vumbi havina?

FundiKalibu
Vitupe, au nipe nikufunulie soli. Hiyo ni poliyurethani. Inakula unyevu wa hewani na kuvunjika yenyewe kwa ndani, hata kama kiatu hakijavaliwa, na joto letu la pwani linaongeza kasi. Kukaa boksini hakuikingi. Juu kiatu kinang'aa, chini kimekwisha. Ungeingia ukumbini kwa kucheza, ukarudi kwenye meza na soli imebaki sakafuni vipande vipande. Kila msimu wa harusi naletewa viatu vya namna hiyo, na gundi haisaidii kwa sababu hakuna kitu kizima cha kugundisha. Kama sehemu ya juu bado nzuri, soli nzima inang'olewa na kuwekwa nyingine ya raba au koki. Kwa muda ulionao ni afadhali utafute kingine.

Na ukienda mtumba, jaribio la ukucha lifanye kabla hujauliza bei. Viatu vya mtumba vingine vimekaa miaka kabla ya kufika Karume.

mwana_kitambaa
Naingilia upande wa nguo, mimi ni fundi cherehani. Binti, pindo likiwa sentimita 2 juu unaweza kushuka hadi kiatu cha 8 na bado libaki sentimita 1. Chini ya hapo utalikanyaga wakati wa kurudi nyuma, hasa kwenye foleni ya zawadi mnapocheza huku mmebeba vitu na hamuoni chini. Kwa hiyo tafuta kati ya 8 na 9, usijifunge kwenye 9 kamili.

Gauni lenyewe ni la mwavuli au nguva?

Binti_Pindo
Nguva. Limebana mpaka magotini.

mwana_kitambaa
Basi hatua zako zitakuwa fupi, jambo ambalo kwa viatu ni zuri. Nitarudi kwenye suala la kubadilisha viatu.

FundiKalibu
Turudi kwa Shangazi. Ni kweli mguu huvimba jioni, na ndiyo sababu kiatu hujaribiwa baada ya saa 10 jioni, umeshatembea siku nzima, miguu yote miwili, na unachagua kwa ule mkubwa. Ila kuongeza namba kwenye mchuchumio kunaleta kinyume. Kiatu kikiwa kirefu mguu unateleza hadi mwisho wa mteremko, vidole vinagonga mbele vilevile, na nyuma kisigino kinachomoka kila hatua. Unapata malengelenge nyuma na vidole vilivyobanwa mbele kwa bei ya kiatu kimoja.

Hesabu ya namba za Ulaya ni hii: urefu wa mguu uongezewe sentimita 1.5, jibu lizidishwe kwa 1.5. Wako ni 24.5, ukiongeza unakuwa 26, ukizidisha unapata 39. Anza na 39. Mguu mpana unatafutiwa upana, hautafutiwi namba. Kanyaga karatasi, chora kuzunguka mguu ukiwa umesimama, kata, uiingize karatasi ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni usawa wa vidole, kiatu hicho ni chembamba kwako hata muuzaji aseme kitafunguka.

Ngozi halisi inafunguka kweli. Mimi natia kalibu ya parafujo siku mbili, inaongeza milimita chache za upana, si urefu. Ngozi bandia ukiitanua leo, kesho asubuhi imerudi.

Tangawizi_Chungu
Na vaselini je? Mimi ndiyo dawa yangu siku zote.

Dada_Famasia
Vaselini inateleza vizuri saa ya kwanza. Baadaye inaingia kwenye ngozi, ngozi inalainika, na msuguano unarudi ukiwa mkubwa kuliko pale mwanzo. Kwa harusi ya saa mbili sawa. Kwa masaa kumi ungelazimika kujipaka tena na tena, na hakuna anayevua viatu mlangoni mbele ya wageni.

Plasta ya karatasi, ile nyeupe nyembamba ya kushikia bandeji, ni bora zaidi. Ibandike asubuhi mguu ukiwa mkavu na hauna mafuta, mahali ambapo kiatu kiliacha alama nyekundu siku za kujaribu. Zungusha ncha zake kwa mkasi ziwe duara, maana kona ya mraba ndiyo inayoanza kubanduka. Isiwe na mkunjo hata mmoja, kwani mkunjo wenyewe unatengeneza lengelenge. Ukisubiri mpaka pameuma, umeshachelewa.

Dawa za kupuliza za kutia ganzi sizishauri. Maumivu yanapotea, lakini kinachoumiza kinaendelea, na mtu ambaye hausikii wayo wake akiwa juu ya sentimita 9 anateguka kifundo kirahisi.

Shangazi_Tabata
Haya, nimeelewa kuhusu namba. Vaselini nitaendelea nayo, nyie mna yenu. Vipi kufunga kidole cha tatu na cha nne pamoja kwa plasta? Wasichana wa ofisini wanaapa kwamba haumii mtu.

Dada_Famasia
Wengine wanasema inapunguza kuwaka pale kati ya vidole hivyo viwili. Sababu inayotolewa ni mshipa wa fahamu unaopita hapo. Sijaona cha kunishawishi, na mteremko wa 8.5 haubadilishwi na plasta. Haina madhara ukifunga kwa kulegeza.

Tangawizi_Chungu
Kwangu ilifanya kazi. Basi tu.

Mzee_Namba44
Samahani niulize langu. Viatu vyangu vya ngozi vya kamba, vipya, vinanikata nyuma. Harusi ni hiyohiyo ya Jumamosi.

FundiKalibu
Mzee, vipya huwa vinakata kwa sababu mguu unapanda na kushuka ndani. Unapovaa, gonga kisigino chini mara mbili mguu urudi nyuma kabisa, ndipo ukaze kamba juu ya mgongo wa mguu na kulegeza kule kwenye vidole. Wengi wanakaza pote sawa au wanaingiza mguu kama ndala bila kufungua kamba. Ukishafanya hivyo na bado panakata, niletee, ukingo wa nyuma unalainishwa kwa mpini wa nyundo dakika kumi.

Binti_Pindo
Nimerudi kutoka Kariakoo, nimeviona viwili. Vyote 39, nimevijaribu saa 11 jioni.

A: weji ya koki, nyuma 8.5, mbele 3.5, imefunikwa kitambaa, ina mkanda wa kifundoni wenye matundu matano, vidole wazi.
B: kisigino kipana cha bloku, nyuma 9, mbele 2.5, kimefungwa mbele, hakina mkanda. Ni kizuri kuliko A, nakiri.

FundiKalibu
A mteremko wake ni 5, B ni 6.5. Hapo kwanza. Pili, kiatu chenye soli nene mbele hakikunjiki. Ukipiga hatua, mguu unataka kukunja na soli inakataa, kwa hiyo kisigino kinachomoka. Bila mkanda unakishika kwa kukunja vidole ndani, masaa kumi, na hapo ndipo panapotoka yale maumivu ya chini ya wayo watu wasiyoyaelewa kesho yake. B bila mkanda kwa kucheza, hapana.

A lakini ifanyie jaribio moja. Iweke mezani utazame ncha ya mbele. Ikiwa imebinuka juu ya meza kama unene wa kidole, hatua itabingirika yenyewe. Ikilala bapa kama tofali, utatembea kama mtu anayepita kwenye matope. Halafu isukume kwa kidole kutoka pembeni, juu ya kisigino. Isitikisike.

Mkanda ulifunga tundu la ngapi?

Binti_Pindo
La tatu. Ncha imebinuka, kidole changu cha shahada kinapita.

FundiKalibu
Vizuri. La tatu jioni maana yake unayo mawili ya kulegeza usiku na mawili ya kukaza mchana mguu ukiwa haujavimba. Ungekuwa umefika la mwisho ningekwambia ukiache. Chukua A. Kwenye nyasi pia weji haizami, kile cha sindano kingekuacha umekwama bustanini mpiga picha anasubiri.

Ila lazima nikutahadharishe, ukiwa juu ya soli nene mguu hauisikii sakafu. Ukikanyaga ukingo wa zulia, kifundo kinageuka kutoka juu zaidi. Mkanda unasaidia, hauzuii.

Bi_Mkeka
Huku kwetu Mombasa kwenye vugo viatu viko mlangoni, tunacheza miguu mitupu kwenye mkeka. Mnajitesa bure nyie.

Shangazi_Tabata
Bi Mkeka, ukicheza miguu mitupu kwenye ukumbi wa vigae na chupa zimeanguka utasimulia.

Binti_Pindo
Nimekinunua A. Soli yake chini ni laini kama sahani, nimejaribu kwenye vigae vya sebuleni nimeteleza. Na baada ya dakika arobaini panaanza kuwaka kidogo mguu wa kulia, chini ya kidole cha pili.

FundiKalibu
Kuteleza: hakikisha kwanza hutakirudisha dukani, kisha sugua soli kwa msasa wa kati, kwa kukata njia ya kutembea, yaani kushoto kulia. Kama ni plastiki ngumu msasa hautoshi, fundi yeyote atakubandikia karatasi nyembamba ya raba mbele na nyuma. Isizidi milimita 2, na iwe viatu vyote viwili. Usiifanye inate sana pia. Ukizunguka kwenye mziki na soli imeng'ang'ania vigae, goti ndilo linalozunguka. Ibandikwe siku tatu kabla, gundi ikauke.

Kuwaka: watu hununua pedi ya jeli na kuiweka pale pale panapouma. Inajaza nafasi na kubana vidole zaidi, na ile nyama inazidi kusukumwa juu. Fanya hivi. Paka rangi ya mdomo kwenye wayo, palepale panapowaka, nukta ya ukubwa wa shilingi. Vaa kiatu, simama, vua. Nukta imebaki ndani ya kiatu. Pedi ndogo, unene wa milimita 3 hadi 4, ukingo wake wa mbele uishie nyuma tu ya nukta hiyo, upande wa kisigino. Kazi yake ni kuinua mifupa iliyo nyuma ili ile sehemu ya mbele ipumzike. Usiigundishe moja kwa moja. Ishike kwa utepe, vaa nusu saa, isogeze milimita chache mpaka useme hapo.

Binti_Pindo
Nukta imeonekana! Nilikuwa nimeshanunua pedi na kuiweka sentimita nzima mbele ya mahali pake.

Dada_Famasia
Kuanzia sasa kivae kila jioni nusu saa nyumbani, na ucheze kabisa, usikae nacho kwenye kochi. Baada ya kila zoezi tazama wekundu. Ukiondoka ndani ya dakika kumi, achana nao. Ukibaki, hapo ndipo pa plasta siku yenyewe.

Mlangoni kwenye mapokezi ndiko utakakoumia kuliko kwenye mziki, usishangae. Mtu akicheza, misuli ya ndama inasukuma damu juu. Akisimama wima saa nzima damu inakaa chini na mguu unavimba. Kila baada ya wageni kadhaa hamisha uzito mguu mmoja, inua kisigino mara kumi chini ya gauni, hakuna atakayeona. Kabla ya kamati kuingia, kaa dakika kumi, miguu juu ya kiti kingine.

Tangawizi_Chungu
Na mama yangu mwenye kisukari anakuja harusi hiyohiyo, naye kashona sare. Avae hii weji?

Dada_Famasia
Hapana. Kama hisia za miguu zimepungua hatajua kiatu kinapomkata. Avae cha chini, kilichofungwa mbele, kipana, alichokizoea, na soksi isiyo na mshono mnene. Apitishe mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, kijiwe kidogo kinatosha kuleta kidonda. Mmoja wenu amtazame miguu kila saa mbili, na zile plasta za kuondoa sugu zenye tindikali asiziguse. Fundi ampunguzie pindo la sare yake.

Binti_Pindo
Swali la mwisho. Nibebe simpo za kubadilisha saa 4 usiku?

Shangazi_Tabata
Beba. Kila mwanamke mwenye akili ana simpo kwenye mkoba.

mwana_kitambaa
Ya pindo: ukishuka kutoka 8.5 hadi simpo ya sentimita 1, gauni linaburuta sentimita 6. Gauni la mwavuli ningekushonea ndani vifungo sita na vitanzi, unaliinua kwa dakika moja. Nguva likiinuliwa linafura magotini na kila mtu ataona. Mimi nisingefanya.

FundiKalibu
Kuna jambo la pili. Misuli ya nyuma ya mguu imekaa imefupika masaa nane, ukiishusha ghafla kwenye soli nyembamba juu ya zege inavutika na kisigino kinauma. Kama ni lazima, badilisha kwenda weji ya sentimita 4 au 5. Na ukikivua A saa 4, jua mguu utajaa, hakitarudi kwa urahisi hata kwenye tundu la mwisho. Amua mapema: unalegeza mkanda tu, au unavua moja kwa moja.

Shangazi_Tabata
Mimi bado nasema simpo. Asimamie kwenye kona gauni likiburuta, saa 4 usiku nani anaangalia pindo?

mwana_kitambaa
Mpiga picha za video, Shangazi.

Binti_Pindo
Nimepata weji ya 5 ya dada yangu, imeshafaulu ukucha. Gauni litaburuta sentimita 2. Mwana_kitambaa, nikishikiza pindo la mbele pekee kwa uzi wa mkono, mishono mitatu, nyuma liburute, litaonekana?

mwana_kitambaa
Mbele pekee sawa, mishono mirefu ya ndani, uzi wa rangi ya kitambaa. Niletee Alhamisi, na uje na viatu vyote viwili.